Spairo Tano Zinapofichua Karatasi 300

Jumatatu asubuhi, duka la kutoa kopi lililo jirani na chuo lina rimu 8 rafuni. Kila rimu ina karatasi 500, kwa hiyo mwenye duka anaandika 4,000 kwenye daftari la vifaa. Chini yake anaandika spairo 100.

Jumamosi jioni anafungua daftari la kazi. Ripoti 40 za wanafunzi zimechapwa na kutiwa spairo, kila moja karatasi 60: jumla 2,400. Kopi za kawaida zimekula 600, na zilizokwama mashineni zikaharibika ni 50. Zilipaswa kubaki 950. Anahesabu, anakuta 650.

Karatasi 300 zimekwenda wapi?

Jibu liko kwenye mstari wa spairo. Ripoti 40 zingeacha spairo 60, lakini zimebaki 55. Spairo 5 zilizopungua, mara karatasi 60, ni 300 kamili. Inaelekea ripoti 5 zilitoka dukani bila kuandikwa, na hapo ndipo pa kuanzia kuuliza. Kama spairo zingetimia, angeuliza kwanza kuhusu karatasi zilizoharibika zikatupwa kimyakimya.

Tona haihesabiki kirahisi hivyo. Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi la katriji kwa kawaida hukadiriwa kwa ukurasa uliofunikwa wino asilimia 5 hivi. Picha na mabango hula zaidi. Ndiyo maana, siku ya kubadilisha katriji, mwenye duka huandika namba inayosomeka kwenye kaunta ya mashine, pamoja na aina ya kazi zilizoimaliza.