Akidi Ihesabiwe Ukumbini, Si Daftarini: Uhakiki wa Mahudhurio Kabla ya Kura

Mada kwa semina ya wenyeviti na makatibu wa vyama vya Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani

1. Utangulizi

Sote tunajua kwamba akidi ni idadi ya chini ya wanachama inayouwezesha mkutano kuamua. Kwa Bunge letu, Ibara ya 95 ya Katiba inataja nusu ya wabunge wote. Kwenu kiwango kimo katika katiba au masharti ya chama, iwe mmeandikishwa kwa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, au kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013. Sitakaa hapo.

2. Tatizo lenyewe

Bila kumnyooshea kidole yeyote, tatizo ninalokutana nalo mwaka hadi mwaka ni hili: akidi inatangazwa asubuhi, kura inapigwa mchana, na katikati hakuna anayehesabu. Daftari la mahudhurio huongezeka tu, halipungui. Aliyechelewa huweka sahihi, lakini anayeondoka hafuti yake. Kibaha wengi huchelewa, maana wanatoka Dar es Salaam na foleni ya Barabara ya Morogoro. Kisarawe, wa Maneromango na Mzenga huwahi kuondoka wasikose usafiri.

Tuchukue mfano wa chama cha kufikirika chenye wanachama 180. Katiba yake inataka nusu, yaani 90, wakati wa kufungua na wakati wa kila kura. Inaruhusu hati za uwakilishi zihesabiwe, ila kila mjumbe abebe moja tu.

Saa 4:30 asubuhi daftari lina sahihi 84, na mezani zipo hati 9. Katibu anatangaza 93. Zikikaguliwa, hati moja ni ya mkutano wa mwaka jana, na nyingine imebebwa na mjumbe ambaye tayari ana hati. Zinabaki 7, jumla 91. Akidi imetimia, ingawa si kwa 93.

Kufika saa 8 mchana, wakati wa uchaguzi, 14 wameondoka na 6 wamefika. Ukumbini wamo 76. Wawili kati ya waliochelewa ndio waliotoa hati. Wakishakuwapo wenyewe, hati zao zinakufa, la sivyo kila mmoja atahesabiwa mara mbili. Mmoja wa walioondoka alibeba hati, naye ameondoka nayo. Hati zilizo hai ni 4, jumla 80.

Daftari, hata hivyo, linaonyesha sahihi 90, na ukiongeza hati 9 unapata 99. Muhtasari utaandika 99, viongozi wataapishwa, na atakayeshindwa ataomba orodha. Hapo ndipo barua za malalamiko huanzia.

Tahadhari: si kila katiba inadai akidi idumu. Mwaka 1955, katika shauri la kampuni ya Hartley Baird, mahakama ya Uingereza iliona kwamba, kwa kanuni za kampuni ile, akidi iliyokuwapo mwanzoni ilitosha hata baada ya mwanahisa mmoja kuondoka. Lilikuwa suala la maneno ya kanuni zile. Vivyo hivyo, masharti yakisema wajumbe waliohudhuria "wao wenyewe", hati za uwakilishi haziingii kwenye akidi, hata kama zinaruhusiwa kupiga kura. Katiba yenu ikinyamaza, msikisie. Pelekeni marekebisho kwenye mkutano mkuu.

3. Mapendekezo

1. Hati zipokelewe na kukaguliwa kabla ya mkutano kufunguliwa: jina la mtoaji, la mbebaji, tarehe ya mkutano huu na sahihi. Iliyokataliwa iandikwe pamoja na sababu.
2. Daftari liwe na safu mbili, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na mlango wa kutumika uwe mmoja.
3. Mtoaji hati akifika, hati yake ifutwe mezani palepale, kabla hajakaa.
4. Mbebaji akitoka, hati yake itolewe kwenye hesabu.
5. Kabla ya kila kura mlango ufungwe na wahesabu wawili, wasio wagombea, wahesabu waliopo safu kwa safu, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, warudie.
6. Mwenyekiti atangaze namba tatu: waliopo, hati zilizo hai, na kiwango kinachotakiwa. Katibu aziandike pamoja na saa.
7. Wanaochelewa wakati kura inaendelea wasubiri nje. Wahesabiwe kwa kura inayofuata.
8. Akidi isipotimia, kura isipigwe. Mwenyekiti afuate katiba kuhusu kusubiri au kuahirisha. Asiombe ukumbi "ukubaliane kuendelea", kwa kuwa waliopungua akidi hawana mamlaka ya kuisamehe.
9. Kura zikizidi jumla iliyotangazwa, matokeo yasitangazwe hadi sababu ijulikane.
10. Nasisitiza pendekezo la 5: wahesabiwe watu, si sahihi.