Kununua Shehena Pamoja, Kila Mtu na Daftari Lake

Mazungumzo ya afisa wa biashara na wafanyabiashara wa soko la Masara

Sitawachelewesha, kwani naona wengine mmeacha vibanda wazi.

Leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalifanya tayari: watu wawili kuchanga pesa, kununua mzigo mmoja, kuuza kila mtu mahali pake, kisha kugawana faida. Hii si chama na wala si kampuni. Hakuna anayefunga biashara yake. Kila mmoja anabaki na kibanda chake, kibali chake cha biashara na wateja wake. Kinachounganishwa ni shehena moja tu, na ikiisha, ushirika umeisha mpaka mkubaliane tena.

Shida huja siku ya kugawana. Kila mmoja anakumbuka alichotoa na hakumbuki alichopokea. Kwa hivyo nitachukua mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Ni mfano wa omena, kwa sababu sote tunaijua. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, nimezichagua ziwe rahisi kuhesabu. Asije mtu kesho akaniambia serikali ya kaunti imepanga bei ya omena.

Tuseme kuna mama anayeuza hapa Masara, na mwenzake anayeuza Oyugis, kule Homa Bay. Wanataka magunia 20 kutoka Sori. Akienda mmoja peke yake na pesa ya magunia manane, atalipa bei ya reja reja na gari atalikodi nusu tupu. Wakiungana wanapata bei ya jumla, na mzigo unauzwa katika masoko mawili. Hapa wateja wengi ni watu wa machimbo ya dhahabu: wakipata wananunua, wasipopata soko linalala. Oyugis ina wateja wa namna nyingine. Soko moja likilala, jingine linaweza kuwa macho.

Kabla ya shilingi yoyote kutoka, wanaandika makubaliano kwenye ukurasa mmoja, nakala mbili, na kila mmoja anatia sahihi. Mama wa Masara anatoa shilingi 50,000 za kununulia, wa Oyugis 40,000. Gunia moja ni 4,500, kwa hivyo magunia 20 ni 90,000. Wanakubaliana pia juu ya kazi, na hapa ndipo watu husahau. Mama wa Masara ndiye atakayekwenda ufuoni siku mbili, na kila siku itahesabiwa shilingi 650. Kila gunia litakalouzwa, aliyeliuza atapata shilingi 300 za jasho lake. Faida itakayobaki baada ya malipo hayo itafuata mtaji wa kununulia: sehemu tano kwa wa Masara, nne kwa wa Oyugis. Ikiwa ni hasara, nayo itafuata njia hiyo hiyo.

Mtaniuliza, kwa nini wasigawane nusu kwa nusu? Wanaweza, wakikubaliana. Lakini mimi naona nusu kwa nusu inafaa pale pesa na kazi zinapolingana, na mara nyingi hazilingani. Aliyetoa pesa zaidi huona ameonewa, na aliyelala ufuoni akingojea omena ikauke huona ameonewa zaidi. Lipeni kazi kwanza, kisha pesa ifuate pesa. Hapo hakuna wa kunung'unika.

Sasa daftari. Kila mmoja ana daftari lake la mzigo huu, mbali na daftari la kibanda. Kanuni yake ni moja: andika kile tu kilichopita mkononi mwako. Upande wa kushoto andika kilichotoka, upande wa kulia kilichoingia, pamoja na tarehe. Usimwandikie mwenzako.

Mama wa Oyugis anatuma 40,000 kwa M-Pesa. Anaziandika kushoto: zimetoka. Mama wa Masara anaziandika kulia: zimeingia kutoka kwa mwenzangu. Anapolipa mzigo anaandika 90,000 kushoto. Kupakia, gari na ushuru ni 4,000 nyingine kushoto. Jumla aliyotoa ni 94,000, na aliyopokea kwa mwenzake ni 40,000. Kwa hivyo pesa yake mwenyewe iliyo ndani ya mzigo ni 54,000. Magunia manane yanashuka hapa, 12 yanaendelea Oyugis. Kule mwenzake analipa gari na stoo, 6,000. Ukijumlisha na zile 40,000, yeye ameweka 46,000.

Gharama ya mzigo mzima basi ni 54,000 na 46,000, yaani 100,000. Kila gunia limewagharimu 5,000.

Hapa kuna mtego, nisikilizeni vizuri. Watu wengi huchukua jumla za kushoto za madaftari yote mawili na kuzijumlisha: 94,000 za huyu na 46,000 za yule, wanapata 140,000. Lakini zile 40,000 zimehesabiwa mara mbili, mara ya kwanza zilipotumwa na mara ya pili zilipolipa mzigo. Mauzo ya mzigo huu, kama mtakavyoona, ni 134,000. Kwa hesabu hiyo mbovu wataambiana wamepata hasara ya 6,000, na pengine kushukiana wizi, ilhali wamepata faida nzuri. Pesa inayohama kutoka kwa mshirika mmoja hadi kwa mwingine si gharama. Imebadilisha mfuko tu.

Tuendelee. Mama wa Masara anauza magunia yake manane kwa 6,500 kila moja. Anapokea 52,000. Wa Oyugis anauza 11 kwa 7,000, anapokea 77,000. Gunia moja linabaki. Wasilingojee mwezi mzima kwa sababu ya gunia moja. Wa Oyugis analichukua liwe lake kwa bei ya gharama, 5,000, na analiandika kana kwamba amelinunua. Sasa jumla ni 52,000, 77,000 na 5,000, yaani 134,000.

Wanakutana na madaftari yao na karatasi ya tatu, ambayo si ya mtu. Juu wanaandika mauzo 134,000, chini gharama 100,000. Faida ni 34,000. Kutoka hapo wanatoa malipo ya kazi: siku mbili za ufuoni 1,300, magunia manane ya Masara 2,400, magunia 11 ya Oyugis 3,300. Lile alilolichukua mwenyewe halina malipo, kwa sababu hakulitafutia mteja. Jumla ya kazi ni 7,000, inabaki 27,000. Ukigawa kwa sehemu tisa, kila sehemu ni 3,000. Wa Masara anapata 15,000 na wa Oyugis 12,000.

Je, nani amlipe nani? Mama wa Masara anastahili kurudishiwa 54,000 zake, kazi 3,700, na faida 15,000. Hizo ni 72,700. Tayari ana 52,000 za mauzo mkononi. Anadai 20,700. Upande wa pili, mama wa Oyugis anastahili 46,000, kazi 3,300 na faida 12,000, jumla 61,300. Anazo 77,000 za mauzo na gunia la 5,000, yaani 82,000. Amezidisha 20,700.

Mmeona? Deni la huyu ni sawasawa na dai la yule. Hicho ndicho kipimo cha hesabu hii. Namba hizo mbili zisipolingana hata kwa shilingi 100, msilipane bado. Rudini kwenye madaftari mtafute. Mara nyingi ni ada ya kutuma pesa ambayo mmoja ameiandika na mwingine hakuijua, au nauli iliyolipwa bila risiti.

Lakini pesa kulingana hakutoshi, kwa sababu aliyeuza gunia na kunyamaza hataonekana kwenye hesabu ya pesa. Kwa hiyo hesabuni na magunia pia: manane, 11 na moja, ni 20. Na omena ina ujanja wake. Ikinunuliwa haijakauka sawasawa, itapungua uzito ndani ya stoo, na aliyeiuza kwa gorogoro atapata magorogoro machache kuliko mlivyotarajia. Anaweza kushukiwa bure. Pimeni kila gunia kwa mizani pale Sori, andikeni kilo kwenye madaftari yote mawili, na mfungue gunia moja au mawili kuangalia mchanga na unyevu kabla ya kulipa. Kama una omena yako nyingine kibandani, funga magunia ya ushirika kwa uzi wa rangi tofauti. La sivyo, yako itaisha haraka kwa bei nzuri na ya ushirika itabaki kuharibika, hata bila wewe kukusudia.

Kuhusu mkopo kwa wateja, nitasema maoni yangu. Mkiwa wawili, anayekopesha ndiye abebe. Kama mama wa Oyugis amempa mwenye hoteli gunia kwa mkopo, aliandike kana kwamba amelipwa, kisha afuatilie deni lake mwenyewe. Yeye ndiye anayemjua mteja huyo. Mwenzake wa Masara hana njia ya kumfikia. Ikiwa mnataka deni liwe la wote, basi ruhusa itolewe kwanza kwa ujumbe wa simu, na ujumbe huo usifutwe.

Miezi ya kufunga uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, najua wengine hununua mapema na kuweka mzigo stoo wakingoja bei ipande. Hapo andikeni na tarehe ya mwisho ya kuuza. Bila tarehe, mmoja atataka kuuza leo kwa sababu ana karo ya kulipa, na mwingine atataka kungoja.

Na kama mmeshindwa kabisa kuelewana, anzeni kwa kamati ya soko. Kikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Nendeni na ule ukurasa wenye sahihi mbili, madaftari, risiti za ushuru na taarifa ya M-Pesa.

Nimeleta karatasi zenye mfano huu wa magunia 20, ziko kwa mwenyekiti. Sasa nipokee maswali, tuanze na mama pale mwenye kitenge cha manjano.