KIPAKITI KIDOGO, JINA KUBWA
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa sasa na wa zamani)



Nimeombwa kuzungumza juu ya kazi yangu ya vipimo vya biashara. Nimechagua kitu ambacho kila mmoja wenu amekishika: kipakiti cha sabuni ya unga kinachoning'inia dukani. Swali langu ni hili: mwenye kiwanda anawezaje kumuuzia mtu wa kipato kidogo bila bidhaa yake kuonekana ya hovyo?

Wengi hudhani udogo ndio unaoshusha hadhi. Sivyo. Mwaka 1983, huko India ya kusini, Bwana C. K. Ranganathan alianzisha shampuu iitwayo Chik, jina lililotokana na herufi za jina la baba yake, Chinni Krishnan, ambaye naye alikuwa ameuza bidhaa katika vipakiti vidogo. Watu wake walikwenda vijijini, wakamwosha mtoto nywele hadharani, kisha wakawaalika watazamaji wazishike. Baadaye aliyeleta vipakiti vitano vitupu vya shampuu yoyote alipewa kimoja cha Chik bure. Hatimaye vikapokelewa vya Chik peke yake. Angalieni jambo moja. Kipakiti kile kilitosha kuosha kichwa. Mtu wa kijijini hakupewa shampuu nusu. Alipewa shampuu kamili ya siku moja.

Sasa nirudi kwetu. Miaka michache iliyopita mwenye kiwanda kimoja alikuja ofisini amefadhaika. Sabuni yake ya kilo moja iliuzwa dukani kwa shilingi 4,000, yaani shilingi 4 kwa gramu, na ilisifiwa. Akatoa kipakiti cha shilingi 100, kwa sababu sarafu hiyo haikosekani mfukoni. Ili alipie na karatasi, akatia gramu 20. Alipotufikia, hata wanunuzi wa kilo walikuwa wameanza kumkimbia.

Tulipima vipakiti vyake. Uzito ulikuwa sawa na ulioandikwa, na sabuni ilikuwa ile ile. Basi kosa liko wapi? Nikamwomba asome maelezo ya boksi lake mwenyewe: gramu 40 kwa ndoo moja ya nguo. Mama aliyenunua kipakiti alitia chote katika ndoo, povu likakata kabla hajafika kwenye mashati ya shule. Hakusema, "Sabuni hii ni kidogo." Alisema, "Sabuni hii siku hizi imeharibika." Akamwambia na jirani yake, ambaye hununua kilo.

Hapo ndipo penye somo. Kipakiti kipimwe kwanza kwa kazi, ndipo kipangiwe bei. Mwenye kiwanda alianza na sarafu, akakata sabuni ilingane nayo. Tulimshauri aanze na ndoo. Gramu 40 kwa bei ya kilo ni shilingi 160. Akiuza kwa shilingi 200, ambayo nayo ni sarafu moja, hubaki shilingi 40 za gharama ya ziada ya kufungasha. Mnunuzi hulipa shilingi 5 kwa gramu badala ya 4. Ndiyo, maskini analipa robo zaidi, na sitalificha hilo; lakini nguo zake zimetakata. Kwa bei ile ya kwanza alilipa shilingi 5 hizo hizo, na nguo hazikutakata.

Jambo la pili ni ufungaji. Unga ukinasa mdomoni mwa kipakiti mashine inapokifunga kwa moto, hubaki tundu lisiloonekana. Katika joto la pwani unyevu huingia, sabuni ikaganda mabonge. Njia ya kujua ni rahisi: kitose kipakiti katika maji, ukikamue taratibu, mapovu ya hewa yakitoka, hakikufungwa vizuri. Wino nao ujaribiwe juani, maana kipakiti hutundikwa mlangoni mwa duka, na picha iliyopauka humfanya mnunuzi adhani hata kilichomo kimechakaa.

Ipo mipaka. Kipakiti kikishatumika huishia mtaroni, na hilo bado hatujalimaliza. Tena bei ya malighafi itapanda tu. Siku hiyo kishawishi kitakuwa kupunguza gramu tatu, kisha tatu nyingine, sarafu ikabaki ile ile. Heri kupandisha bei waziwazi kuliko kushuka chini ya ndoo moja.

Mwenye kiwanda yule alibadili kipakiti. Wanunuzi wa vipakiti walirudi mapema. Wale wa kilo walichukua zaidi ya mwaka, na wengine hawakurudi kamwe. Vijana wangu, siku mtakapokuwa na viwanda vyenu, kabla ya kuuliza mnunuzi ana shilingi ngapi, ulizeni ana ndoo ya ukubwa gani.