Kufupisha Taarifa ya Chama Pasipo Kupoteza Hesabu



Jioni ya leo tumekusudia kusema habari ya kazi ambayo makarani na makatibu wa vyama vya msingi vya korosho huifanya kila mwaka, nayo ni kuandika taarifa ya msimu ili isomwe mbele ya wanachama. Twasema hasa habari za Masasi na Newala kwa kuwa huko ndiko tunakokujua, na huko taarifa kama hizo husomwa mbele ya watu ambao fedha zao za mwaka mzima zimo ndani ya maneno yale.

Kwanza yafaa tukumbushe jinsi korosho zinavyouzwa. Tangu mwaka 2007, ulipoanza mpango wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi. Hapo hupimwa na karani, naye mkulima hupewa stakabadhi yake. Kisha korosho za watu wengi hupakiwa pamoja na kuchukuliwa mpaka ghala kuu, ambako hupimwa mara ya pili, na hesabu ya ghala kuu ndiyo inayokwenda mnadani. Basi, korosho hupita juu ya mizani mbili, na baina ya mizani hizo mbili ndipo yanapozaliwa maneno mengi.

Twakijua chama kimoja, ambacho jina lake hatutalitaja, ambacho karani wake aliandika taarifa ya kurasa tano. Mwenyekiti alipoiona akasema kwamba hakuna atakayesikiliza kurasa tano juani, akaifupisha mwenyewe usiku ule ikawa mistari sita. Kesho yake ikasomwa hivi: chama kilipokea kilo 64,200, ghala kuu lilipokea kilo 62,916, upungufu ni kilo 1,284. Basi, yakaisha. Wanachama wakainuka wakamwita karani mwizi, na mkutano ukavunjika. Walakini katika kurasa zile tano yalikuwamo maneno ya kumtetea, yameandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Mwenyekiti alikuwa ameyakata pamoja na makapi.

Baadaye taarifa ile ililetwa kwetu chuoni, nasi tukawapa wanafunzi wa ualimu waifupishe upya. Tutawaeleza jinsi kazi ilivyokwenda, maana wanafunzi nao walianguka katika shimo lile lile mara ya kwanza.

Jambo la kwanza tulilowaambia ni kwamba wasikate neno lo lote kwanza. Wachukue kalamu nyekundu, wapige mstari chini ya kila hesabu, na pamoja na kila hesabu wapige mstari chini ya wenzake. Kwa maana hesabu haikai peke yake. Kilo 1,284 ni kitu gani? Ni nyingi au ni chache? Mtu hawezi kujua mpaka aambiwe zimepungua katika kilo ngapi, zilipimwa wapi, na lini. Hao ndio wenzake, na ye yote anayeiacha hesabu bila wenzake ameiacha uchi.

Walipokwisha kupiga mistari, ikaonekana katika ukurasa wa tatu na wa nne kwamba korosho zilikwenda ghala kuu kwa safari tatu. Safari ya kwanza ilikuwa na kilo 20,000, ikapungua kilo 200. Ya pili ilikuwa na kilo 22,000, ikapungua 220. Hizo mbili zilipungua kilo 1 katika kila mia, na kila mtu aliyekaa na korosho ajua kwamba hupungua kidogo kadiri zinavyokauka ghalani. Lakini safari ya tatu ilikuwa na kilo 22,200, nayo ilipungua kilo 864, yaani karibu kilo 4 katika kila mia.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mtu akitoa hesabu ya jumla peke yake, upungufu ni kilo 2 katika kila mia, na huo hauonyeshi cho chote, kwa kuwa safari mbili njema zimeifunika ile moja mbaya. Lau kama safari ya tatu ingepungua kama wenzake, ingepoteza kilo 222 tu. Imezidi kwa kilo 642, nazo ni nusu kamili ya upungufu wote wa msimu. Tukifanya mfano kwamba kila kilo iliuzwa kwa shilingi 2,500, kilo hizo 642 ni shilingi 1,605,000. Basi swali la mkutano halikupasa kuwa, "Nani ameiba?" Lilipasa kuwa, "Safari ya tatu ilikuwa na nini?"

Na jibu lilikuwamo. Sikilizeni jinsi karani alivyoliandika:

"Kwa heshima na taadhima napenda kuchukua nafasi hii kuwaarifu wanachama wote kwa ujumla kwamba kwa upande wa suala zima la usafirishaji wa korosho, zoezi la kusafirisha lilifanyika kwa awamu tatu tofauti, na kwamba katika awamu ya tatu na ya mwisho, ambayo ilihusu jumla ya kiasi cha kilo 22,200 zilizopokelewa kati ya tarehe 11 na 16 ya mwezi wa Desemba, kulijitokeza hali ya upungufu wa uzito wa kiasi cha kilo 864, jambo ambalo inadhaniwa kwamba huenda lilisababishwa na hali ya unyevunyevu iliyotokana na kunyesha kwa mvua, ijapokuwa mizani ilipimwa kwa jiwe la kilo 50 na ikaonekana kuwa sawa."

Hayo ni maneno 97 katika sentensi moja. Hatumcheki karani. Kwetu mgeni hatoi shida yake mlangoni. Huulizwa kwanza habari za safari, na za nyumbani, na za shamba, ndipo aseme lililomleta. Karani ameandika kwa adabu hiyo. Lakini taarifa si mgeni. Taarifa imeitwa, na watu wanaingojea.

Tulipoyaangalia maneno yake, tuliona kwamba yanayoweza kutoka ni ya namna mbili. Namna moja ni yale yanayobeba neno lingine mgongoni bila kulisaidia: suala zima la, kwa upande wa, hali ya, jumla ya kiasi cha. Ukisema "kiasi cha kilo 864" hukusema zaidi ya "kilo 864". Ukisema "mwezi wa Desemba" hukusema zaidi ya "Desemba". Haya hung'olewa kama magugu, wala shamba haliumii. Namna ya pili ni ya hatari zaidi, maana ndani yake mtendaji amejificha. "Zoezi la kusafirisha lilifanyika." Na nani? "Mizani ilipimwa." Na nani? "Inadhaniwa." Nani adhani? Hapo haitoshi kung'oa. Sharti kitendo kirudishwe kuwa kitendo na mtu arudishwe mahali pake: tulisafirisha, tulipima, twadhani. Ni ajabu kwamba sentensi huwa fupi na kuwa kweli zaidi kwa wakati mmoja.

Mwanafunzi mmoja hodari akaleta kazi yake: "Safari ya tatu ilipungua kilo 864 kwa sababu ya mvua." Maneno kumi tu, naye akafurahi. Tukamrudishia. Alikuwa amekata neno "inadhaniwa", akidhani ni makapi kama mengine. Lakini karani hakuona maji yakitoka katika korosho. Alidhani tu, tena kwa sababu njema. Kulikata neno hilo ni kugeuza dhana kuwa ushahidi, na katika mkutano wenye hasira mtu mmoja akiuliza, "Wewe ulijuaje?", taarifa yote huanguka. Tena alikuwa amelikata lile jiwe la kilo 50. Lile jiwe ndilo jambo ambalo karani alilijua hakika, si kwa kudhani, nalo ndilo lililomwondolea shutuma ya kuchezea mizani. Hata ile 50 haifai kuachwa, maana msikilizaji mwenye akili aweza kusema kwamba jiwe moja la kilo 50 halithibitishi mizani itakuwaje ikibeba gunia la kilo 80. Na aseme. Taarifa njema humpa msikilizaji njia ya kuuliza.

Mwisho wa kazi sehemu ile ikawa hivi:

"Safari ya tatu ilichukua kilo 22,200, zilizopokelewa tarehe 11 hadi 16 Desemba. Ghala kuu lilipima kilo 21,336, yaani pungufu 864. Mizani yetu tuliipima kwa jiwe la kilo 50, ikawa sawa. Twadhani korosho zilikuwa hazijakauka kwa sababu ya mvua."

Maneno 38. Hesabu zote zimo, na ile ya ghala kuu, iliyokuwa imejificha ukurasa wa nne, imeletwa karibu na mwenzake ili mtu atoe moja katika nyingine mwenyewe. Kufupisha si kukata tu. Mara nyingine huna budi kuongeza neno moja mahali pake ili mengine kumi yasihitajike.

Ilibaki hila moja. Tulipenda kujua kama tumekata mno, kwa hiyo tukampa taarifa mpya mwalimu mwingine ambaye hakuiona ile ndefu, tukamwomba aandike upya hesabu za safari tatu kwa kusoma tu: kilo ngapi ziliondoka, ngapi zilifika, ngapi zilipotea, na zote pamoja. Akizipata zote, na jumla ikarudi kilo 1,284, hakuna kilichopotea. Mara ya kwanza alikwama penye safari ya pili, maana tulikuwa tumesahau kuandika zilizofika, kilo 21,780. Tukazirudisha. Ni maneno mawili tu, lakini pasipo hayo hesabu haikufunga.

Taarifa nzima ikawa ukurasa mmoja na robo. Twasikia ilisomwa katika mkutano wa pili, jumla kwanza, kisha safari moja moja. Mzee mmoja akaomba sehemu ya safari ya tatu isomwe tena. Iliposomwa, akauliza kwa nini chama kilipokea korosho zile tarehe 11 hadi 16 bila kuzitikisa kwanza kusikia kama kiini kinagonga ndani ya ganda, na kwa nini wenyewe hawakuambiwa wazirudishe juani siku mbili tatu. Karani akajibu kwamba foleni ilikuwa ndefu, na wanachama wenyewe walikuwa wakimharakisha. Wakaanza kubishana habari ya maturubai na sakafu ya kuanikia, wala hakuna aliyelitaja tena neno la mwizi.