Maji Yaliingilia Wapi? Barua kwa Kampuni ya Bima Kuhusu Ghala Lililofurika



Dar es Salaam ina kumbukumbu ndefu ya mafuriko. Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na bonde la Msimbazi likafurika tena Aprili 2014 na Aprili 2018. Kila maji yanapokauka huanza ubishi mwingine, huu wa chini kwa chini: mwenye ghala anadai fidia, kampuni ya bima inataja kifungu. Mhadhara huu unaichukua barua moja tu inayozaliwa na ubishi huo, ile ya kuomba ufafanuzi kama kifungu fulani kweli kinaizuia fidia. Ni barua ya ukurasa mmoja au miwili. Ikiandikwa vibaya, inaweza kummalizia mwenye mali madai yake kabla hata mkadiriaji hasara hajafika.

Ili mambo yaonekane, uchukuliwe mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa sukari ana ghala kandokando ya mfereji wa maji ya mvua. Lina vyumba viwili. Cha mbele kina mlango mkubwa wa kupitishia malori. Cha nyuma sakafu yake imeinuka sentimita 18 kuliko ya mbele. Usiku mmoja wa Aprili mvua inanyesha hadi alfajiri, na asubuhi mlinzi anakuta maji kote. Yanapopungua, yanaacha alama ukutani: sentimita 30 kutoka sakafuni chumba cha mbele, sentimita 12 chumba cha nyuma. Ofisa wa kampuni ya bima anapiga simu na kusema hasara ya mbele itashughulikiwa, lakini ya nyuma hapana, kwa kuwa kule maji “yalitoka chini”.

Ofisa huyo hakulitoa neno hilo hewani. Bima ya ghala kwa kawaida ni bima ya moto iliyoongezewa majanga mengine, likiwamo la mafuriko. Katika mikataba mingi yenye asili ya Kiingereza, mafuriko huelezwa kuwa ni maji kutoka nje ya njia yake ya kawaida, iwe ya asili kama mto au ya kutengenezwa kama mfereji, au bahari kuvamia nchi kavu. Baada ya kinga hiyo hufuata yasiyokingwa. Mojawapo ni hasara iliyotokana na mabadiliko ya kimo cha maji ya ardhini, yale yanayopanda taratibu udongo unapolowa na kupenya kwenye nyufa za sakafu. Kampuni huyatenga kwa sababu huyaona kama tatizo la jengo na mahali lilipojengwa, wala si la usiku mmoja wa balaa.

Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake hutajwa mara kwa mara katika mahakama za Afrika Mashariki ingawa hazizifungi, zimewahi kuukuta mgogoro wa namna hii. Katika kesi ya Young dhidi ya Sun Alliance, mwaka 1976, maji yalipenya kutoka ardhini na kujaa chooni katika nyumba ya mdai hadi kina cha kama sentimita saba na nusu. Mahakama ya Rufani ilisema hayo si mafuriko, kwa kuwa katika mkataba ule neno hilo lilikaa pamoja na dhoruba na tufani, hivyo lilitaka tukio kubwa, la ghafla na lisilo la kawaida. Mwaka 1998, katika kesi ya Rohan Investments dhidi ya Cunningham, mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba maji ya mvua yaliyojaa juu ya paa bapa na kuingia ndani ya nyumba yanaweza kuwa mafuriko. Hukumu hizo mbili haziwezi kumpa mwenye ghala jibu la mkato. Zinachomwonyesha ni kwamba jibu hutegemea njia iliyopitwa na maji, kasi yake na wingi wake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko mezani. Iko ghalani, kabla kuta hazijafutwa.

Fundi mwashi yeyote ana mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ambao hutumika kusawazisha misingi. Mpira huo ukivutwa kutoka alama ya mbele hadi alama ya nyuma, utaonyesha kama alama hizo ziko kwenye usawa mmoja. Katika mfano wetu ziko: 30 kutoa 18 ni 12. Maji ya vyumba viwili yalikuwa uso mmoja wa maji. Kisha mpira unapelekwa nje. Kama alama ya ukuta wa nje ni ya juu kuliko kizingiti na inalingana na za ndani, maelezo ya kwamba maji yalipita mlangoni yanapata nguvu. Kama alama ya nje iko chini ya ile ya ndani, mwenye ghala ana swali gumu la kujibu, na ni afadhali alijue mapema.

Usawa wa maji peke yake hautoshi, kwa sababu maji yaliyopenya sakafuni nayo yangeweza kukutana na ya mlangoni yakalingana. Hapo tope linasaidia. Maji ya mfereji huja na mchanga, majani na mifuko ya plastiki, na huacha tabaka linalopungua kadiri yanavyosonga mbali na mlango. Maji yaliyochujwa na udongo chini ya zege hayana mzigo huo. Huacha unyevu kwenye maungio ya sakafu, na baadaye unga mweupe wa chumvi. Tope jeusi linalozunguka tundu la bomba la sakafuni ni habari ya tatu: maji yamerudi nyuma kupitia bomba la kutolea maji, na huenda kifungu kingine kabisa cha mkataba ndicho kitakachohusika. Magunia yasitumiwe kama kipimo. Sukari hufyonza unyevu na kuupandisha, hivyo gunia linaweza kulowa mahali ambapo maji hayakufika.

Sasa barua inaweza kuandikwa. Inaanza na namba ya mkataba wa bima, namba ya madai, anwani ya ghala na tarehe ya tukio. Inanukuu kifungu cha kinga na kifungu cha yasiyokingwa, vyote viwili, neno kwa neno, bila kufupisha. Kisha inaeleza kilichoonekana, na baada ya hapo inauliza. Sehemu yake ya katikati ingesomeka hivi:

“Tarehe 14 ofisa wenu alitueleza kwa simu kwamba hasara ya chumba cha nyuma haikingwi kwa sababu ya kifungu cha maji ya ardhini. Kifungu hicho kinahusu hasara iliyosababishwa na mabadiliko ya kimo cha maji ya ardhini pekee. Alama za maji katika vyumba vyote viwili na kwenye ukuta wa nje ziko kwenye usawa mmoja, na tope la mfereji limekutwa hadi chumba cha nyuma. Vipimo na picha vimeambatanishwa. Tunaomba mtujibu kwa maandishi: mosi, je, msimamo wa kampuni ni kwamba kifungu hiki kinahusu hasara yote, sehemu yake, au hakihusu kabisa? Pili, kama ni sehemu, ni magunia yapi na yalikuwa wapi? Tatu, ni ushahidi gani unaoonyesha kwamba maji ya ardhini peke yake ndiyo yaliyoharibu magunia hayo? Barua hii haiondoi haki yetu yoyote chini ya mkataba.”

Swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kanuni ya madai ya bima ni kwamba mkata bima huthibitisha kuwa hasara iko ndani ya kinga. Akishafanya hivyo, kampuni inayotegemea kifungu cha yasiyokingwa ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba kinahusika. Barua nyingi huusahau mgawanyo huo. Mwenye mali hujaza kurasa akijitetea kwamba maji hayakutoka chini, kana kwamba mzigo wote ni wake.

Neno “pekee” katika kifungu nalo si pambo. Mwaka 1973, katika kesi ya Wayne Tank iliyotokana na moto ulioteketeza kiwanda nchini Uingereza, Mahakama ya Rufani iliangalia hasara yenye sababu mbili zilizofanya kazi pamoja, moja ikiwa imetengwa na mkataba. Ilielekeza kwamba hali ikiwa hivyo, kifungu cha yasiyokingwa ndicho hushinda. Kwa mwenye ghala hiyo ni hatari ya wazi: asubuhi ya mafuriko ardhi imelowa, na ni vigumu kuapa kwamba hakuna hata tone lililopenya sakafuni. Lakini pale mkataba unapotenga hasara iliyotokana na maji ya ardhini pekee, mchanganyiko wa maji ya mfereji na ya ardhini hauangukii kwenye kifungu hicho. Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi yoyote, mwenye ghala asome nakala yake mwenyewe. Kama neno hilo halimo, swali la pili la barua, la magunia yapi, ndilo litakalookoa sehemu ya madai.

Makosa yanayoharibu barua hii ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kuandika chanzo badala ya kilichoonekana: “maji yalichimbuka sakafuni” ni sentensi ambayo kampuni itainukuu hadi mahakamani, hata kama mwandishi alimaanisha tu kwamba aliyakuta maji sakafuni. La pili ni kuuliza “je, mtatulipa?”, swali linaloweza kujibiwa kwa mstari mmoja usiotaja kifungu wala sababu. La tatu ni kutupa sukari iliyolowa kabla mkadiriaji hasara hajaiona.

Kuna jambo la nne linalohitaji unyofu. Mikataba mingi ya maghala hutaka bidhaa ziwekwe juu ya chaga, mara nyingi sentimita 15 kutoka sakafuni. Chumba cha mbele, chenye maji ya sentimita 30, chaga hizo zisingeokoa safu ya chini. Cha nyuma, chenye sentimita 12, zingeiokoa. Kama magunia ya nyuma yalikuwa chini kwenye zege, kampuni ina hoja nyingine yenye nguvu kuliko ile ya maji ya ardhini, na mkata bima anayefungwa na wajibu wa uaminifu wa hali ya juu hawezi kuficha mahali magunia yalipokuwa. Anachoweza kufanya ni kutoyachanganya mawili: barua inauliza kuhusu kifungu kimoja, na suala la chaga likiulizwa linajibiwa kwa ukweli, kwa barua nyingine.

Jibu likija, litakuwa moja kati ya matatu. Kampuni inaweza kukiacha kifungu, na hesabu ya hasara ikaendelea. Inaweza kukishikilia kwa magunia fulani na kutaja ushahidi wake. Hapo pande mbili zinaweza kurudi ghalani na mkadiriaji hasara, fundi na mpira wake, wakapima mbele ya wote na kutia saini karatasi moja ya vipimo. Au inaweza kurudia yale ya simu bila sababu. Katika hali hiyo mwenye ghala wa Tanzania anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kupeleka mgogoro kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Huko atahitaji kuambatanisha mkataba, picha, vipimo vya alama, barua yake yenye maswali matatu, na jibu ambalo halikujibu hata moja.