Kaka, nina neno nawe

Msikilizaji, penye korona ya mkonge hakuna mazungumzo ya taratibu. Mashine inanguruma, na mwenye neno hulitoa kwa kupaza sauti. Ndiyo maana kejeli ya kazini kwenye mashamba ya huku Kigombe husikiwa na kundi zima. Aliyekejeliwa naye hujibu papo hapo kwa sauti ileile, na hapo ugomvi umeshaanza. Leo nataka kuizungumzia njia nyingine: kumwita mwenzako pembeni na kumweleza kwamba anakuumiza, kabla jambo halijafika kwa msimamizi.

Tuchukue mfano wa kijana wa kubuni. Babu yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, enzi za SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoanza mwaka 1944 kuandikisha vibarua kutoka mikoa ya mbali. Kijana mwenyewe kazaliwa hapa, mama yake Mdigo. Mwenzake wa zamu, anayemzidi umri, humwita “manamba” kila anapochelewa kidogo, na wengine hucheka.

Kijana asimjibu mbele za watu. Angoje kazi iishe, hasira ipungue, wawe njiani wakirudi kijijini. Kutembea bega kwa bega kunasaidia, kwa sababu hakuna anayelazimika kumkazia mwenzake macho. Aanze hivi:

“Shikamoo kaka. Nina neno nawe, na sikuja kugombana. Jana asubuhi pale tunapoanika singa, uliniita manamba mbele ya wale vijana wapya. Limeniuma, kwa sababu linamgusa babu yangu, na wale vijana nao wameanza kuniita hivyo. Naomba uniite kwa jina langu.”

Kisha anyamaze. Hapo ndipo wengi tunapoharibu: kimya kinatutisha, tunaanza kuongeza. “Halafu wewe kila siku uko hivyo.” “Hata fulani kasema huna adabu.” Ukisema “kila siku”, atakutafutia siku moja aliyokutendea wema, na mazungumzo yatahamia huko. Ukimtaja fulani, atakwenda kumtafuta fulani. Tukio moja, lenye siku yake na mahali pake, halina pa kupenyea. Na ombi liwe la jambo analoweza kulitenda kesho asubuhi. “Uniheshimu” ni ombi pana mno. “Uniite kwa jina langu” analielewa.

Jibu utakalolisikia mara nyingi ni hili: “Ah, mdogo wangu, nilikuwa nakutania!” Kwetu hili si jibu la kupuuza. Utani ni mila, una watani wake na mipaka yake, na watu wa makabila mengi waliokutana mashambani walitaniana miaka yote wakaishi vizuri. Kijana asiukatae utani wote, wala asimwite mwenzake mwongo. Aseme: “Naamini ulikuwa unatania, kaka. Nitanie kwa mengine, hata kwa uvivu wangu. Hilo moja tu uniachie.” Mwenzake anabaki na heshima yake, lakini ombi halijalegea.

Akikasirika, asibishane naye. “Basi kaka, nimeshasema langu. Tutaonana kesho.” Akiomba radhi, apokee palepale, wala asimtake aitangaze mbele ya wenzao. Akidai hivyo, faragha yote imepotea.

Usiku huo aandike tarehe, walichosemezana na mahali walipokuwa. Halafu atazame siku zinazofuata. Mtu aliyeteleza ulimi akajisahihisha anajitahidi, huyo apewe muda. Lakini anayeacha lile neno na kuanza kumnunia, au kumsukumia kazi nzito, bado anaumiza, kwa njia nyingine.

Na kuna mambo ambayo mimi simshauri mtu ayaendee peke yake: kushikwashikwa, kutishiwa, au maudhi yanayotoka kwa yule anayeandika mahudhurio yako. Hayo yaanzie kwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, au kwa uongozi wa juu. Hata neno “manamba” lisidhaniwe ni dogo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila au mahali mtu alikotoka, na kunyanyaswa kwa misingi hiyo kumehesabiwa kuwa ubaguzi. Kwa hiyo kijana aliyezungumza kwa upole hajaitupa haki yake. Neno likirudiwa, aende na ile karatasi yake yenye tarehe, na aeleze kwamba mwenzake alishaombwa, ana kwa ana, aache.