Bei Mpya ya Andazi na Video ya Dakika Moja

Video fupi ambayo mwenye duka dogo huirekodi kwa simu na kuiweka kwenye stetasi ya Wasapu ili kutangaza bei mpya ina kazi moja ngumu, nayo ni kumthibitishia mteja kwamba kilichopanda ni gharama wala si tamaa ya muuzaji. Mwaka 1986 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliwauliza wakazi wa Kanada kuhusu duka lililopandisha bei ya makoleo ya theluji kutoka dola 15 hadi 20 asubuhi iliyofuata dhoruba, na asilimia 82 ya waliojibu wakasema kitendo hicho si cha haki. Lakini walipoulizwa kuhusu muuza mboga aliyeongeza bei kwa kiasi kilekile alichoongezewa yeye na muuzaji wa jumla, wengi walikubali. Kwa maelezo ya watafiti hao, mteja hujiona ana haki ya bei aliyoizoea, na papo hapo humtambulia muuzaji haki ya faida aliyoizoea.

Kimbiji, kata ya pwani ya Kigamboni ambayo zamani ilikuwa chini ya Temeke, bidhaa nyingi za dukani hununuliwa Kariakoo na huvuka kwa kivuko au kwa Daraja la Nyerere kabla ya kusafiri tena kuelekea kusini, hivyo nauli ni sehemu ya bei ya karibu kila kitu. Hata hivyo, sababu ya mafuta ya gari inahitaji uangalifu, kwa kuwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi na wateja huisikia redioni. Mwezi Mei 2022, petroli ya Dar es Salaam ilipofika shilingi 3,148 kwa lita kutoka 2,861 ya Aprili, sababu hiyo haikuhitaji ushahidi mwingine. Muuzaji anayeirudia katika mwezi ambao bei imeshuka hugunduliwa siku hiyohiyo.

Uchukuliwe mfano wa duka linalokaanga maandazi 150 kwa kilo tano za unga na kuyauza shilingi 200 kila moja, yaani mauzo ya shilingi 30,000. Ikiwa unga uligharimu 9,000, mafuta ya kula 6,500, na sukari, hamira, nazi na mkaa kwa pamoja 6,500, muuzaji alibaki na 8,000 za kulipia pango na jasho lake. Unga ukifika 11,500 na mafuta 8,500, gharama inaongezeka kwa 4,500, ambayo ni shilingi 30 kwa kila andazi. Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo, kwa sababu hakuna sarafu ya shilingi 30, na bei ya 250 inamwongezea muuzaji shilingi 20 ambazo gharama haikuzidai. Wengi hukwepa hesabu hii kwa kulipunguza andazi kimyakimya, na mama anayenunua kila alfajiri hulitambua mkononi kabla hajalionja. Njia iliyo safi zaidi ni kuuza moja kwa 250 na matano kwa 1,150, ambapo kila moja linakuwa 230 kamili. Anayenunulia familia chai ya asubuhi, ambaye ndiye mteja wa kudumu, analipa nyongeza ya gharama tu.

Video inayofaa huitaja bei mpya na siku itakapoanza katika sentensi ya kwanza, kisha huonyesha kwa karibu risiti mbili za unga, ya zamani na ya sasa, zikiwa zimelazwa sambamba mezani, halafu andazi likiwa juu ya mizani ili uzito wake uonekane haujabadilika. Tamko la jumla kwamba maisha yamekuwa magumu halifai kabisa, kwa kuwa mteja naye anaishi maisha hayohayo. Kosa lililo baya zaidi ni kupandisha pia bei ya bidhaa ambazo hazikuguswa, kama vile soda iliyonunuliwa wiki zilizopita kwa bei ya zamani, kwa maana mteja akiliona hilo huacha kuziamini hata risiti zile mbili.

Mafanikio hayapimwi kwa idadi ya waliotazama stetasi, bali kwa maandazi yanayobaki kwenye beseni saa nne asubuhi katika wiki mbili za mwanzo, na kwa wateja wa daftari la mkopo wanaoendelea kuja. Mwanafunzi aliyepewa shilingi 200 tu, hata akielewa kila neno la video, bado ana upungufu wa shilingi 50. Kwake yeye duka linalojali litalazimika kukanda pia andazi dogo la bei ya zamani, na kutamka wazi kwamba ni dogo.